Harage puani, mdudu sikioni: la kufanya na la kuacha

Jumamosi moja jioni mama mmoja alikuwa amekaa uani anachambua maharage kwenye ungo. Binti yake wa miaka 3 alikuwa pembeni "anamsaidia", yaani anachota maharage kwa kiganja, mengine anayatia kwenye sufuria, mengine anayamwaga chini. Baada ya muda yule mtoto akanyamaza, halafu akasema, "Mama, limeingia."

Mama akamwinua kichwa, akamulika kwa tochi ya simu. Harage alikuwa analiona vizuri kabisa kwenye tundu la kulia, mgongo wake mwekundu unang'aa, sentimita moja hivi kutoka mlangoni. Mjomba akakimbilia kibano cha nyusi. Alilibana mara ya kwanza likateleza, mara ya pili likateleza, mara ya tatu ikatoka damu na harage halikuonekana tena. Bibi naye akaja na ugoro: "Mpe anuse kidogo mwanangu, atapiga chafya litoke lenyewe." Chafya zilitoka nyingi, harage halikutoka. Mwisho wakamtilia maji "lilainike". Walipofika kwetu ilikuwa saa nne usiku, mtoto amelia mpaka sauti imekauka, pua imevimba, na harage limeanza kunywa maji na kukwama kama kizibo.

Mimi ni muuguzi kwenye chumba cha masikio, pua na koo, na hadithi hii nimeisikia kwa namna nyingi. Kitu hubadilika, mara ni shanga, mara punje ya mahindi, kipande cha godoro, kifutio cha penseli. Kibano, ugoro na maji havibadiliki. Kwa hiyo nitaurudisha mchezo nyuma, mpaka pale mtoto aliposema "limeingia", tuone ilitakiwaje.

Kwanza, jua ni kitu gani

Kabla hujagusa pua, uliza na utazame. Usimwulize kwa ukali, maana mtoto wa miaka 3 akiona umekasirika atakataa hata kwamba ana pua. Mwulize alikuwa anachezea nini, kisha uangalie pale alipokuwa amekaa. Shanga zimemwagika? Mdoli au gari lake limefunguliwa mgongo? Hereni za sumaku ziko zote mbili?

Sababu ya kuuliza ni kwamba jibu ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. Shanga ya plastiki haina haraka. Harage lina haraka kidogo, kwa kuwa pua ina unyevu wakati wote na harage kavu huvimba, kama unavyoona unapoyaloweka usiku kucha. Betri ndogo ya duara ina haraka kuliko vyote, nitaieleza peke yake hapo chini. Sumaku mbili, moja kila tundu, nazo ni za kukimbilia hospitali, kwa sababu zinavutana na kuubana ukuta wa katikati ya pua mpaka damu isipite.

Angalia pia kifua. Mtoto akianza kukohoa ghafla, kukoroma akivuta pumzi, kutoa udenda mwingi au kupata shida ya kupumua, kitu huenda kimeshuka kwenye njia ya hewa. Hapo hakuna cha kujaribu nyumbani. Unaondoka.

Kwa nini kibano kinashindwa

Mtu mzima akiona kitu kiko karibu, mkono unawasha. Naelewa. Lakini fikiria kokwa ya zambarau iliyolowa mate: ukiibana kwa ncha za vidole haikai, inaruka mbele. Shanga na harage ndani ya pua vinafanya hivyohivyo, isipokuwa huko "mbele" ni kurudi nyuma. Kibano kinafaa kwa kitu chenye ukingo wa kushika, kama karatasi au godoro, na hata hapo ni kazi ya mtu aliyezoea, mwenye taa kichwani na mikono yote miwili huru.

Huko nyuma hakuna ukuta. Pua inafunguka kooni. Kitu kikisukumwa kikapita, kinaweza kumezwa, na hiyo ni nafuu, au kikaingia kwenye njia ya hewa mtoto anapovuta pumzi kwa kilio, hasa akiwa amelazwa chali na watu watatu wamemshika. Ndiyo maana pini ya nywele, njiti ya kiberiti, kijiti cha pamba na kidole chako mwenyewe vyote viko kwenye orodha moja.

Ugoro na pilipili vina kosa la aina yake. Kabla ya chafya mtu huvuta pumzi kubwa, na mtoto anaivuta kwa pua. Maji, maziwa na mafuta puani hayasukumi kitu nje, yanaweza kumpalia, na kama ni harage yanalivimbisha.

Pumzi ya kutoka ndiyo dawa

Kama mtoto ametimiza miaka 4 au zaidi na anajua kupenga kamasi, anza hapo. Mkalishe wima, bonyeza kwa kidole tundu lisilo na kitu, mwambie afumbe mdomo na apenge kwa nguvu kupitia tundu lenye kitu. Mfundishe kwanza kwa kupuliza manyoya au kipande cha karatasi mezani kwa pua, maana wengine ukiwaambia "penga" wanavuta ndani. Akivuta ndani, acha njia hii.

Mtoto mdogo asiyejua kupenga, wewe ndiye utakayempengea. Njia hii kwa Kiingereza inaitwa busu la mama, na daktari wa huko New Jersey, Marekani, Vladimir Ctibor, ndiye aliyeielezea kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Watafiti waliokusanya taarifa za watoto waliofanyiwa hivyo waliona inafaulu kwa takribani watoto 6 kati ya 10, bila madhara makubwa. Yule binti wa maharage alikuwa anaifaa kabisa katika dakika zile za mwanzo, kabla ya damu na uvimbe.

Inafanywa hivi. Mpakate mtoto, au mkalishe mbele yako ukiwa umechuchumaa. Hakikisha mdomoni mwake hamna pipi wala shanga nyingine. Mwambie unataka kumpa busu kubwa, na ufanye kweli kama mchezo, kwa sababu mtoto anayelia na kurusha kichwa hutampata. Kwa kidole kimoja bonyeza tundu la pua lililo wazi mpaka lizibe kabisa. Mwambie apanue mdomo, uufunike kwa mdomo wako wote, pasiwe na upenyo wa hewa pembeni.

Sasa puliza taratibu kwanza. Utasikia hewa inaingia, halafu ghafla inagoma, kama imekuta mlango. Huo mlango ni koo la mtoto limejifunga kulinda mapafu. Ukishausikia tu, toa pumzi moja fupi ya ghafla, kiasi cha hewa iliyojaa mashavuni mwako, si ya kifuani. Hewa haina pa kwenda isipokuwa kupanda nyuma ya pua na kutokea kwenye tundu lenye harage. Mara nyingi kitu hukutua shavuni, na kamasi zake. Usishangae, na usikung'ute haraka kabla hujaona kilichotoka ni kizima au nusu.

Kama hakikutoka chote lakini kimesogea mlangoni, rudia. Mara mbili, tatu, basi. Baada ya hapo mtoto anakuwa amechoka na wewe umeanza kupuliza kwa hasira. Kitu chenye ncha usikijaribu kwa njia hii, wala mtoto ambaye tayari anapumua kwa shida.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawaambiwi: nafasi nzuri ya kukitoa kitu ni ile ya kwanza. Kila jaribio linaloshindikana linaacha uvimbe kidogo, damu kidogo, na mtoto anayekuogopa zaidi. Mtu wa tatu kujaribu anakuta kazi ngumu kuliko wa kwanza, hata kama ndiye fundi zaidi. Kwa hiyo ukishindwa kwa pumzi, usimpe zamu jirani mwenye mkono mwepesi. Mfunge kanga, mpande bajaji.

Betri ndogo: hesabu saa, si siku

Betri hizi unazijua, zile za duara kama kidonge kikubwa au sarafu ndogo. Ziko kwenye saa, vikokotoo, tochi ndogo za leza, kadi zinazoimba, viatu vya watoto vinavyowaka taa na midoli mingi ya bei nafuu ambayo kifuniko chake hakina hata skrubu. Ile iliyoandikwa LR44 ina upana wa milimita 11 na ushee, na LR41 ni milimita 8 hivi. Zote mbili zinaweza kuingia kwenye pua ya mtoto.

Watu wengi wanadhani hatari yake ni kuvuja. Hapana, betri nzima isiyovuja inaunguza vilevile. Majimaji ya pua yana chumvi, yanaunganisha upande mmoja wa betri na mwingine, umeme unapita ndani ya nyama, na upande wa hasi unatengeneza dawa kali ya jamii ya kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Nyama inaanza kuungua ndani ya saa 2, pengine kabla. Ikikaa zaidi inaweza kutoboa ukuta wa katikati ya pua, na tundu hilo halijizibi lenyewe. Sikioni inaweza kuunguza njia ya sikio na kutoboa ngoma yake. Betri "iliyokufa", isiyoweza tena kuwasha taa ya kiatu, bado inabaki na umeme wa kutosha kufanya hivyo.

Hapa ndipo matone yanapokuwa adui. Usitie maji ya chumvi, dawa ya matone ya mafua, mafuta wala maji, puani au sikioni, maana kila majimaji yanaongeza njia ya umeme. Usikae kujaribu busu mara tatu. Ondoka, hata kama ni saa nane usiku, na ukifika mapokezi usiseme "kuna kitu puani", sema "nadhani ni betri, imeingia saa fulani". Sentensi hiyo inakutoa kwenye foleni. Beba na mdoli wenyewe, au betri nyingine inayofanana, ili wajue ukubwa. Kama mnaona kamasi nyeusi au majivumajivu upande mmoja, na mtoto hakumwambia mtu, kisieni betri. Picha ya eksirei huionyesha kama duara lenye ukingo wa pili ndani yake, na hivyo ndivyo wanavyoitofautisha na sarafu.

Kamasi ya upande mmoja inayonuka

Si watoto wote wanaosema "limeingia". Wengine wanaingiza, wanasahau, na wiki mbili baadaye mama anasema mtoto ananuka mdomo. Nilimpokea mtoto aliyekuwa ameshakunywa dawa za mafua na vidonge vya kuua vijidudu mara tatu, kila safari anapata nafuu kidogo kisha harufu inarudi. Tulichotoa kilikuwa kipande cha godoro, kidogo kama punje ya mahindi, kimelowa usaha. Chumba kizima tulifungua madirisha.

Mafua ya kawaida yanatoka matundu yote mawili. Kamasi nzito, yenye harufu mbaya au damu, inayotoka tundu moja tu kwa mtoto mdogo, ihesabu kuwa kuna kitu mpaka mtu aangalie kwa taa na kusema hakuna. Mwambie tabibu neno hilo, "ni upande mmoja tu", hata kama hajakuuliza.

Sikioni mambo ni mengine

Sikio halina njia ya kutokea nyuma, kwa hiyo hofu ya kupaliwa haipo, lakini lina ubaya wake. Njia ya sikio ni nyembamba, na sehemu ya ndani imefunikwa na ngozi nyembamba mno iliyolala moja kwa moja juu ya mfupa. Ukigusa pale mtoto anaruka, na akiruka kijiti ulichoshika kinaingia. Nimeona masikio ambayo shanga yenyewe haikudhuru chochote, lakini kijiti cha pamba kilichoifuata ndicho kilichochana ngozi na kutoboa ngoma.

Unachoruhusiwa nyumbani ni kidogo sana. Mlaze mtoto kwa ubavu, sikio lenye kitu likitazama chini, na utikise sikio lenyewe polepole. Kwa mtoto mdogo vuta ndewe kuelekea chini na nyuma, njia inanyooka. Kikidondoka, sawa. Kisipodondoka, na si betri, hakuna damu wala maumivu, anaweza kulala na kupelekwa asubuhi. Shanga haimli mtu usiku. Harage au punje ya mahindi usiitie maji wala mafuta, na usikubali mtu aisukutue kwa bomba la maji.

Mdudu aliye hai ndiye pekee anayeruhusu mafuta. Utamjua: mtoto anaamka usiku akipiga kelele, ameshika sikio, anasema kitu kinatembea au kinapiga ngoma. Pasha mafuta ya kula au ya mtoto yawe ya uvuguvugu tu, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono wako usisikie moto wala baridi, maana mafuta ya baridi yanamletea kizunguzungu. Mlaze sikio likitazama juu, dondosha matone mpaka tundu lijae, subiri dakika chache. Kelele zikikoma, mdudu amekufa. Kama mtoto amewahi kutoka usaha sikioni, ana ngoma iliyotoboka au amewekewa vijibomba na daktari, usitie kitu chochote. Na usimmulikie tochi kwa matumaini kwamba atafuata mwanga: mende hukimbia mwanga, atazidi kwenda ndani. Mdudu mfu naye atolewe hospitalini, maana miguu yake yenye miiba inabaki inakwaruza.

Ukifika hospitali

Utaombwa umshike mtoto, na ushikaji huo ni nusu ya kazi. Mfunge kanga mikono ikiwa ndani, mpakate mgongo wake ukiegemea kifua chako, miguu yake katikati ya magoti yako, mkono wako mmoja umzunguke kifuani, mwingine kwenye paji la uso kukiegemeza kichwa begani kwako. Usimdanganye kwamba hataguswa.

Sema ukweli wote: mmejaribu nini, mara ngapi, ugoro ulinuswa au haukunuswa, na mara ya mwisho amekula saa ngapi. Hili la chakula lina maana, kwa sababu kitu kikikataa anaweza kuhitaji nusukaputi, na hiyo inataka tumbo tupu. Njiani usimpe soda ya kumbembeleza. Na kama kituo hakina taa ya kichwani wala vifaa vyake, na jaribio la kwanza limeleta damu, ni haki yako kuomba rufaa badala ya jaribio la nne. Tabibu anayejua kazi hataona vibaya.

Yule binti wa maharage hakuhitaji nusukaputi. Tabibu wa zamu alipitisha ndoano butu juu ya harage mpaka nyuma yake, akaishusha, akalivuta mbele kwenye sakafu ya pua. Sekunde tano, baada ya saa tatu za mateso nyumbani. Lilitoka limevimba, ganda limechanika, na alama za kibano zikionekana. Mama akainuka kuondoka, nikamwambia, "Subiri kidogo, mama." Mtoto aliyegundua tundu moja mara nyingi ameyapima na mengine, kwa hiyo huwa tunatazama yote manne. Pua ya kushoto ilikuwa safi, sikio la kulia safi. Sikio la kushoto lilikuwa na harage la pili, kavu, limekaa kimya. Tukalitoa hapohapo, na tulipomwuliza aliliweka lini, akasema, "Jana."